Kilichoandikwa Ndani ya Faili la Video

Julai 2025, Wizara ya Sheria ya Marekani ilitoa hadharani karibu saa 11 za video kutoka kamera iliyokuwa karibu na chumba alichofungiwa Jeffrey Epstein, tajiri aliyekutwa amekufa gerezani New York mwezi Agosti 2019. Video hiyo ilitajwa kuwa ghafi, yaani haijaguswa. Siku chache baadaye jarida la Wired, likisaidiwa na wataalamu wa uchunguzi wa video, lilieleza kwamba taarifa zilizomo ndani ya faili lenyewe zinasema vingine. Yaelekea faili hilo lilipita katika Adobe Premiere Pro, programu ya kuhariria video, likaunganishwa kutoka vipande visivyopungua viwili, na likahifadhiwa mara kadhaa tarehe 23 Mei 2025.

Wataalamu hao hawakuishia hapo, na hiki ndicho kipande ambacho wengi walikiruka walipokuwa wakisambaza habari. Walisema taarifa hizo zinaonyesha kuwa faili lilipita mikononi mwa mhariri. Hazionyeshi kama kuna tukio lililokatwa ili lisionekane. Huenda vipande viliunganishwa tu ili vitoke kwa pamoja.

Taarifa za namna hiyo zimo karibu katika kila video iliyomo kwenye simu. Faili la MP4 ni kasha lenye visanduku ndani yake. Kisanduku cha kwanza, `ftyp`, kinataja aina ya kasha. Kingine, `mdat`, kimebeba picha na sauti zenyewe. Cha tatu, `moov`, kinaeleza namna ya kuzisoma: urefu wa video, kodeki iliyotumika kubana picha, idadi ya fremu kwa sekunde, na saa faili lilipoundwa. Mtazamaji havioni visanduku hivi, lakini programu ya bure iitwayo `ffprobe` huvifungua kwa amri moja:

```
ffprobe -v error -show_format -show_streams video.mp4
```

Tuchukue mfano wa kubuni. Chumba cha habari Dar es Salaam kimepokea video ya moto sokoni. Mletaji anasema aliipiga mwenyewe kwa simu ya Android, tarehe 14 Machi 2025, usiku. Kati ya mistari mingi inayotoka, mitano inatosha kuanzia:

```
TAG:major_brand=mp42
TAG:creation_time=2025-03-14T18:10:42.000000Z
TAG:com.android.version=13
TAG:handler_name=VideoHandle
avg_frame_rate=24.6
```

(Katika `ffprobe` mstari wa mwisho hutoka kama sehemu, hapa umeshagawanywa.)

Macho hukimbilia saa. Inasomeka 18:10, na saa hiyo Dar es Salaam mwezi Machi jua bado halijazama, ilhali video ni giza tupu. Mhariri mwenye haraka angesema mletaji anadanganya. Lakini ile herufi Z mwishoni ina maana kwamba saa imeandikwa kwa majira ya kimataifa, ambayo yako nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Ukiongeza tatu unapata 21:10, yaani saa 3:10 usiku. Giza limepata maelezo yake. Tena, simu nyingi za Android huandika saa hiyo pale kurekodi kunapokwisha. Kama video ina urefu wa dakika nne, ilianza kupigwa karibu saa 3:06.

Saa hii huhifadhiwa kama hesabu ya sekunde tangu tarehe 1 Januari 1904. Kwa hiyo ikitokea video inayodai kuundwa mwaka 1904, hakuna muujiza: programu iliyoiandika iliacha sifuri mahali pa saa. Hatari zaidi ni saa inayoonekana ya kawaida kumbe si sahihi, ama kwa sababu saa ya simu yenyewe haikurekebishwa, ama kwa sababu kamera iliandika saa ya mahali ilipo huku ikiweka ile Z. Ndiyo maana saa peke yake haifai kuaminiwa.

Mistari mingine minne ndiyo inayoitetea. `mp42` pamoja na toleo la Android ni vitu ambavyo simu ya aina hiyo huviandika. `VideoHandle` ni jina ambalo Android huipa njia ya picha. Fremu 24.6 kwa sekunde nazo zinaafikiana na usiku: simu iliyowekwa kupiga fremu 30 mara nyingi hupunguza kasi gizani ili kila fremu ipate mwanga wa kutosha, na wastani unaangukia kwenye namba isiyo kamili.

Sasa tuseme video hiyohiyo imeletwa na mtu mwingine, naye pia anasema aliipiga kwa simu yake:

```
TAG:major_brand=isom
TAG:handler_name=VideoHandler
TAG:encoder=Lavf58.29.100
avg_frame_rate=25/1
```

Saa ya kuundwa haipo. Jina la njia ya picha limeongezeka herufi moja tu, r, na herufi hiyo ina uzito, kwa kuwa `VideoHandler` ndivyo FFmpeg inavyoandika. FFmpeg ni programu ya kugeuza video inayotumika ndani ya huduma na programu nyingine nyingi. Mstari wa `encoder` unathibitisha, na unataja hata toleo: Lavf 58.29.100 ilikuja na FFmpeg 4.2, iliyotoka mwaka 2019. Faili hili basi halikuandikwa kabla ya mwaka huo. Lakini picha zilizomo zingeweza kuwa za mwaka 2010, maana mstari huo unamtaja aliyeliandika faili mara ya mwisho, si aliyeshika kamera.

Fremu 25 kamili kwa sekunde ni kasi ya televisheni za Afrika Mashariki na Ulaya. Marekani hutumia 29.97. Katika faili linalodaiwa kutoka moja kwa moja kwenye simu, namba hiyo inamfanya mchunguzi aulize kama picha zilichukuliwa kwenye taarifa ya habari. Ni swali tu, kwani baadhi ya simu zinaweza kuwekwa zipige fremu 25. Kodeki nayo husaidia kwa kiasi hichohicho. H.264 iko kila mahali, hivyo haitaji mtu yeyote. Lakini VP9 ikifuatana na sauti ya Opus hudokeza faili lililoshushwa YouTube au kurekodiwa kwenye kivinjari.

Mhariri wa mfano wetu asimwite mtu wa pili mwongo bado. WhatsApp ikituma video kwa njia ya kawaida huibana upya, na taarifa za simu na mahali hupotea njiani. Video ya kweli kabisa inaweza kufika ikiwa tupu. Kwa upande mwingine, saa na jina la simu vinaweza kubadilishwa na yeyote mwenye programu kama `exiftool`, kwa sekunde chache. Kilicho kigumu kughushi ni mpangilio mzima: visanduku gani vipo na vinafuatana vipi. Simu mara nyingi huweka `moov` mwishoni, kwa kuwa haijui urefu wa video hadi kurekodi kuishe. Programu zinazotayarisha video za mtandaoni huihamishia mbele ili ianze kucheza mapema.

Kwa hiyo mchunguzi huomba mambo mawili. Kwanza, mletaji atume faili la asili kama hati, si kama video, kwa sababu WhatsApp haibani hati. Pili, apige video nyingine fupi kwa simu ileile, akiwa na kamera ileile na mipangilio ileile, naye aitume kwa njia hiyohiyo. Kisha mafaili mawili hufunguliwa pamoja na kulinganishwa kisanduku kwa kisanduku: aina ya kasha, majina ya njia za picha na sauti, mahali ilipo `moov`, na tofauti kati ya saa ya faili jipya na saa halisi ambayo mhariri aliitazama ukutani wakati mletaji akirekodi.