Kiinua Mgongo cha Dubai Hukaa Wapi Kabla ya Kulipwa?

Wengi wa ndugu zetu wanaofanya kazi Dubai, Abu Dhabi au Sharja huamini kwamba kampuni inawatengea fedha za kiinua mgongo kila mwezi, zikangoja mahali mpaka siku ya kuondoka. Katika kampuni nyingi hakuna fedha iliyotengwa. Kila mwisho wa mwezi mhasibu hukadiria kila mfanyakazi ameshajikusanyia kiasi gani, akaandika jumla hiyo vitabuni kuwa deni la kampuni, na fedha zenyewe zikaendelea kulipa kodi ya ofisi na kununua bidhaa. Ndiyo maana inafaa kuelewa hesabu ile inavyofanywa. Kwa miaka yote ya ajira, kiinua mgongo chako ni namba iliyo kwenye kompyuta ya mtu mwingine, na namba hiyo inaweza kukosewa bila wewe kujua.

Sheria ya kazi ya Umoja wa Falme za Kiarabu, namba 33 ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika tarehe 2 Februari 2022, inasema hivi kuhusu mgeni aliyeajiriwa kwa muda wote wa kazi. Akitimiza mwaka mmoja, anastahili mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na wa siku 30 kwa kila mwaka unaozidi hapo. Sehemu ya mwaka huhesabiwa kwa uwiano wake, siku za likizo isiyo na malipo hazihesabiwi, na jumla haiwezi kuzidi mshahara wa miaka miwili. Ni kiwango kikubwa ukikilinganisha na cha nyumbani: Tanzania, malipo ya kusitishwa kazi ni ya siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, na miaka inayohesabiwa haizidi 10.

Maneno ya kushika hapo ni mshahara wa msingi, na ni mshahara wa msingi wa mwisho. Posho ya nyumba na ya usafiri hazimo. Mtu anayepokea dirham 5,000 kwa mwezi, 3,000 zikiwa za msingi na 2,000 za posho, hesabu yake huanzia kwenye 3,000. Bosi akimwongeza 600 na zote akaziweka kwenye posho, mfukoni atauona unafuu lakini kiinua mgongo hakitasogea hata dirham moja.

Tumfuate mtu huyo, tuseme ni fundi wa viyoyozi. Mshahara wake wa msingi wa siku ni 3,000 kugawa kwa 30, yaani dirham 100. Siku 21 kwa mwaka ni dirham 2,100, na kwa mwezi ni 175. Kampuni nyingi hufanya hesabu hii ndani ya ERP, yaani programu moja inayounganisha mishahara, manunuzi, stoo na vitabu vya hesabu. Mwezi unapofungwa, programu inapitia orodha ya wafanyakazi, inasoma tarehe ya kuajiriwa na mshahara wa msingi wa kila mmoja, kisha inaingiza vitabuni mistari miwili: gharama ya kiinua mgongo imeongezeka kwa 175, na deni la kampuni kwa wafanyakazi limeongezeka kwa 175. Hakuna hata senti iliyotoka benki. Baada ya miezi 48, deni la fundi wetu linasomeka dirham 8,400, ambazo ni siku 84 kwa dirham 100.

Mwezi wa 49 mshahara wake wa msingi unapanda kutoka 3,000 hadi 3,600. Hapa ndipo hesabu nyingi huharibika.

Mshahara wa siku sasa ni dirham 120, kwa hiyo makisio ya mwezi ni siku 1.75 kwa 120, yaani 210. Mhasibu asiye makini, au programu iliyopangwa vibaya, itaingiza hizo 210 na kuendelea. Lakini sheria inalipa miaka yote kwa mshahara wa mwisho. Zile siku 84 za nyuma nazo zimepanda kutoka dirham 100 hadi 120 kila moja, na tofauti yake ni dirham 1,680. Deni sahihi mwisho wa mwezi wa 49 ni siku 85.75 kwa 120, sawa na 10,290. Vitabu vilikuwa na 8,400, kwa hiyo gharama ya mwezi huo ni 1,890. Aliyeingiza 210 atabaki na deni la 8,610 vitabuni na upungufu wa 1,680 usioonekana na mtu. Wakiwapo mafundi mia moja wa aina hiyo, kampuni inadhani ina faida ya dirham 168,000 ambazo kwa kweli ni za wafanyakazi.

Kwa sababu hiyo, njia salama ni kutokuuliza mwezi huu tuongeze kiasi gani. Mhasibu anakokotoa upya deni lote la kila mtu kwa mshahara wake wa leo, anatoa kilichokwisha kuandikwa, na kinachobaki ndicho kinachoingizwa. Kwa njia hii nyongeza ya mshahara haimtoroki, na kosa la mwezi uliopita linajirekebisha mwezi unaofuata. Hata mtu akilipwa na kuondoka, deni lake linashuka lenyewe, ila mhasibu asisahau kwamba malipo yale yanapunguza deni na hayaingii tena kwenye gharama. Yakiingia kwenye gharama na jina likaachwa kwenye orodha, kiinua mgongo kimoja kimehesabiwa mara mbili.

Kosa la namna hii hugunduliwa kwa kuweka karatasi mbili kando kwa kando. Moja ni orodha ya majina yenye siku na dirham za kila mfanyakazi, nyingine ni salio la akaunti ya deni kwenye daftari kuu. Jumla zake zinatakiwa kulingana mpaka dirham ya mwisho. Kisha mtu anapitisha jicho kwenye majina. Aliyeondoka bado ana salio? Kuna mwenye salio hasi? Aliyehamishwa kutoka tawi lingine amepewa tarehe mpya ya kuajiriwa na miaka yake ya nyuma ikapotea? Mimi naliogopa zaidi hili la mwisho, kwa sababu halitoi ishara yoyote: orodha na daftari vitalingana vizuri kabisa, na vyote viwili vitakuwa vimekosea. Dawa yake ni kurudi kwenye mkataba wa kwanza.

Kuna pia kosa la sheria ya zamani. Kabla ya mwaka 2022, aliyeacha kazi kwa hiari kwenye mkataba usio na kikomo alikuwa akipunguziwa: akiwa na mwaka mmoja hadi mitatu alipata theluthi moja tu, na mitatu hadi mitano theluthi mbili. Sheria mpya imeyaondoa makato hayo. Programu ambayo bado ina jedwali la theluthi inapunja kila anayejiuzulu kabla ya miaka mitano. Vilevile wapo wanaodhani kwamba ukivuka mwaka wa tano, miaka yako yote inageuka kuwa ya siku 30. Sivyo. Fundi wetu akitimiza miaka saba kwa mshahara uleule wa 3,600, atakuwa na siku 105 za miaka mitano ya kwanza na 60 za miaka miwili iliyofuata. Jumla ni siku 165, sawa na dirham 19,800.

Likizo ni deni la pili, nalo lina tabia yake. Mfanyakazi aliyetimiza mwaka anastahili siku 30 za likizo kwa mwaka, yaani siku mbili na nusu kila mwezi. Siku ambazo hajazitumia ni deni, na kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 19 kinaitaka kampuni iliandike kwa kiasi inachotarajia kulipa. Ugumu uko kwenye bei ya siku moja. Akienda likizo akiwa bado kazini, analipwa mshahara wake pamoja na posho: 5,600 kugawa kwa 30, karibu dirham 187 kwa siku. Akiacha kazi kabla ya kuzitumia, sheria inazilipa kwa mshahara wa msingi, dirham 120 kwa siku. Siku 20 zilizobaki zinaweza kuwa deni la 2,400 au la 3,733, kulingana na zitakavyoishia. Kampuni ambayo watu wake huenda likizo kila mwaka inafaa ipige hesabu kwa mshahara kamili. Yenye kawaida ya kuwazuia watu kisha kuwalipa wanapoondoka itakuwa na deni dogo zaidi vitabuni, na sioni fahari yoyote katika udogo huo.

Deni la likizo, tofauti na kiinua mgongo, hupanda na kushuka. Watu wanapokwenda makwao kwa wingi Julai na Agosti, salio linatakiwa lishuke. Likiendelea kupanda miezi hiyo, huenda fomu za likizo zimejazwa kwenye karatasi na hazijaingizwa kwenye programu. Watu wako Mombasa na Unguja wamepumzika, na kompyuta inaamini wako kazini wanajikusanyia siku.

Kiinua mgongo kina jambo jingine ambalo hesabu hii rahisi haliwezi. Inapima deni kana kwamba wote wangeondoka leo, wakati IAS 19 inataka pia kukisia nani atabaki miaka mingapi na mshahara wake utafika wapi. Kampuni kubwa hufanyiwa kazi hiyo mara moja kwa mwaka na mtaalamu wa hesabu za bima, kisha vitabu vinarekebishwa. Miezi iliyobaki huendeshwa kwa makisio niliyoyaeleza.

Hata hivyo, vitabu vikiwa sahihi namna gani, havigeuzi deni kuwa fedha. Kampuni ikifilisika, 19,800 za fundi wetu zinabaki kuwa dai miongoni mwa madai. Kwa sababu hiyo kituo cha fedha cha Dubai, DIFC, kiliwataka waajiri wake tangu Februari 2020 wachangie kila mwezi kwenye mfuko wa nje ya kampuni, na tangu 2023 serikali ya shirikisho inaruhusu waajiri wengine wajiunge na mpango wa namna hiyo kwa hiari. Michango ni asilimia 5.83 ya mshahara wa msingi kwa mwenye chini ya miaka mitano, na 8.33 kwa aliyezidi hapo. Asilimia 5.83 ya 3,000 ni karibu dirham 175, sawa na makisio yetu ya mwezi, ila safari hii inatoka benki kweli.

Badiliko hilo lina bei yake kwa mfanyakazi. Mchango ukishalipwa hauhesabiwi upya mshahara unapopanda, kwa hiyo zile 1,680 za nyongeza ya miaka ya nyuma hazitakuwapo. Badala yake kuna faida au hasara ya uwekezaji wa mfuko. Kwa mpango wa hiari wa shirikisho, miaka ya kabla ya kujiunga hupigwa hesabu kwa mshahara wa msingi wa siku ya kujiunga, na kulipwa ajira inapoisha. Mwajiri akikutangazia kwamba anahamia huko, omba kiasi hicho kwa maandishi: tarehe yako ya kuajiriwa, mshahara wa msingi uliotumika, idadi ya siku na jumla ya dirham. Mhasibu anazo zote nne kwenye orodha aliyoifunga mwezi uliopita.