Kurekebisha bei wakati wa mfumuko wa bei

Kurekebisha bei wakati wa mfumuko wa bei ni kazi ya kubadilisha bei za bidhaa na huduma ili mwuzaji aweze kuendelea kununua bidhaa mpya huku gharama zikipanda kila mara. Kazi hiyo ni ngumu hasa pale ambapo gharama hupanda kila mwezi, lakini mishahara na mapato mengine ya wateja hurekebishwa baada ya miezi mingi. Mwuzaji asipopandisha bei, mtaji wake hupungua; akipandisha kupita kiasi, wateja hushindwa kununua.

Brazil ni kati ya nchi zilizoishi na tatizo hili kwa muda mrefu, hasa kati ya miaka ya 1980 na mwaka 1994.

## Bei ya kununulia upya

Kosa la kawaida ni kupanga bei kwa kuangalia gharama ya zamani, yaani fedha zilizolipwa wakati bidhaa iliponunuliwa. Wakati bei zinapopanda haraka, kinachotakiwa kuangaliwa ni bei ya kununulia upya: kiasi kitakachohitajika kurudisha bidhaa ileile dukani baada ya kuuzwa.

Tuchukue mfano wa mwenye duka la rejareja anayenunua gunia la sukari la kilo 50 kwa shilingi 100,000, yaani shilingi 2,000 kwa kilo. Anaongeza asilimia 10 na kuuza kwa shilingi 2,200. Bei ya jumla inapanda kwa asilimia 8 kila mwezi. Gunia linakwisha baada ya mwezi mmoja, naye ana shilingi 110,000 mkononi. Kwenye daftari amepata faida ya shilingi 10,000. Lakini gunia jipya sasa ni shilingi 108,000, kwa hiyo kilichobaki ni shilingi 2,000 tu. Sehemu kubwa ya ile "faida" ilikuwa mtaji wake mwenyewe.

Hali huwa mbaya zaidi akiuza kwa mkopo. Kama wateja wanamlipa mwezi mmoja baadaye, zile shilingi 110,000 zinafika wakati gunia limefikia shilingi 116,640. Fedha hizo zinatosha kununua kilo 47 hivi. Daftari linaonyesha faida, lakini kila mzunguko duka linapungukiwa na karibu kilo tatu.

Ili abaki na nyongeza yake ya asilimia 10, mwuzaji huyo angeanza na bei ya kununulia upya, shilingi 2,160, kisha aongeze asilimia 10: bei ingekuwa shilingi 2,376 kwa fedha taslimu. Kwa anayelipa baada ya mwezi mmoja zaidi, hesabu ileile inaleta shilingi 2,566 hivi. Tofauti kati ya bei hizo mbili si adhabu kwa mkopaji, bali ni fidia ya thamani ambayo shilingi imepoteza wakati wa kusubiri.

Njia nyingine ni kubadilisha bei kila wiki kwa kufuata bei ya jumla ya siku hiyo, na kugeuza mauzo kuwa bidhaa mara moja badala ya kuweka fedha hadi gunia liishe. Hapo mwuzaji hahitaji kubashiri bei ya mwezi ujao. Kupanda kwa asilimia 8 kwa mwezi ni karibu asilimia 2 kwa wiki, na mteja huizoea hatua ndogo kuliko ruko moja kubwa.

## Kwa nini mapato ya wateja huchelewa

Mshahara hupangwa kwa mkataba na kubaki uleule hadi tarehe ya marekebisho. Tuseme mfanyakazi hurekebishiwa mshahara kila baada ya miezi sita ili kufidia kupanda kote kwa bei, huku bei zikipanda kwa asilimia 8 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza mshahara unanunua vitu vyote vya kawaida. Mwezi wa pili unanunua asilimia 93 ya vitu hivyo, mwezi wa tatu asilimia 86, na mwezi wa sita asilimia 68. Kisha unarudi juu na kuanza kushuka tena.

Kwa hiyo, ingawa fidia ni kamili kila nusu mwaka, wastani wa uwezo wa kununua katika miezi hiyo sita ni asilimia 83 hivi ya kile cha mwezi wa kwanza. Kama bei zingepanda kwa asilimia 2 tu kwa mwezi, wastani ungekuwa asilimia 95. Kasi ya mfumuko yenyewe hupunguza pato la mfanyakazi, hata kama hakuna aliyemkata mshahara.

Kwa mwuzaji, mchelewo huo huonekana kwa namna ambayo haisomeki katika jumla ya fedha. Mauzo kwa shilingi huendelea kupanda, lakini idadi ya magunia yanayouzwa hupungua. Ununuzi hujazana katika siku chache baada ya mishahara, kwa sababu kila mtu anajua kuwa fedha zikikaa zinapungua thamani. Anayenunua kilo mbili hununua moja, na anayenunua kilo hununua robo. Ndiyo sababu ni lazima kuhesabu kilo na idadi, si fedha peke yake.

## Nafasi ya mwuzaji

Mwuzaji anabanwa na mipaka miwili. Chini kuna bei ya kununulia upya: akiuza chini ya hapo, kila kilo inayotoka inapunguza mtaji. Juu kuna uwezo wa mteja. Anachoweza kubadilisha ni ile nyongeza iliyo katikati.

Wengi hupunguza nyongeza ili wasipoteze wateja, lakini hesabu yake inastahili kufanywa kwanza. Katika mfano wa sukari, nyongeza ya asilimia 10 inaleta shilingi 216 kwa kilo. Akiishusha hadi asilimia 6, bei inakuwa shilingi 2,290 na nyongeza ni shilingi 130 tu. Ili apate kiasi kilekile cha kulipia kodi ya pango na umeme, inambidi auze kilo 167 mahali ambapo kwa bei ya juu angeuza 100. Bei imeshuka kwa chini ya asilimia 4, na ni nadra mauzo ya sukari kuongezeka kwa theluthi mbili kwa tofauti hiyo. Hata hivyo hesabu hubadilika kama mshindani wa jirani ana bei ya chini, maana hapo mteja hapunguzi sukari bali anahama duka.

Njia inayotumika sana ni kupunguza kiasi badala ya kupandisha bei. Andazi hubaki kwa sarafu ileile lakini linakuwa dogo. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki mafuta ya kupikia na sukari huuzwa kwa vipimo vidogo vinavyolingana na fedha aliyo nayo mteja siku hiyo. Njia hii humsaidia mwenye fedha kidogo, lakini mara nyingi humfanya alipe zaidi kwa kila kilo, na kama kiasi kimepunguzwa bila kutangazwa, mteja akigundua hupoteza imani.

## Mfano wa Brazil

Tarehe 28 Februari 1986 serikali ya Rais José Sarney ilitangaza Mpango wa Cruzado. Bei zilizuiwa zisipande, na mishahara ilibadilishwa kwa wastani wa uwezo wake wa kununua wa miezi iliyotangulia, kisha ikaongezwa asilimia 8. Pia iliwekwa kanuni kwamba mfumuko ukifikia jumla ya asilimia 20, mishahara ipande yenyewe.

Kasoro ilikuwa katika siku ya kuzuia. Wauzaji hawakuwa wamepandisha bei kwa tarehe moja: aliyepandisha siku iliyotangulia alinaswa akiwa juu, na aliyekuwa anajiandaa kupandisha alinaswa chini ya gharama zake. Huyo wa pili hakuweza kuuza bila hasara. Wakati huohuo mishahara iliyoongezwa ilikuza ununuzi. Bidhaa zikaanza kutoweka madukani, na wafugaji wakaacha ng'ombe malishoni badala ya kuwauza kwa bei iliyowekwa. Mpango ulivunjika kabla ya mwaka mmoja kupita, na mfumuko ukarudi. Kanuni ya asilimia 20 nayo ilizidisha mwendo: kadiri bei zilivyopanda haraka, mishahara ilipanda mapema zaidi, na gharama mpya za mishahara zikaingizwa katika bei.

Mwaka 1994 ilitumika njia tofauti. Kuanzia tarehe 1 Machi serikali ilianzisha kipimo cha thamani kilichoitwa URV. Haikuwa noti wala sarafu. Watu waliendelea kulipa kwa fedha ya zamani, lakini Benki Kuu ilitangaza kila siku URV moja ni sawa na kiasi gani cha fedha hiyo. Siku ya kwanza ilikuwa 647.50, kufikia tarehe 1 Julai ilikuwa 2,750.

Mishahara ilibadilishwa kuwa URV kwa wastani wa miezi minne iliyotangulia, kuanzia Novemba 1993 hadi Februari 1994. Hapa ndipo tofauti kati ya kilele na wastani ilipokuwa muhimu: kama kila mfanyakazi angepewa kiwango cha mwezi wake bora, jumla ya mishahara ingezidi bidhaa zilizopo, na bei zingepanda tena. Wauzaji nao walipewa miezi minne ya kupatanisha bei zao katika URV, bila kuzuiwa siku moja. Kwa kipimo hicho mshahara na bei vilitembea pamoja kila siku, na mchelewo ukapungua sana.

Tarehe 1 Julai 1994 URV iligeuzwa kuwa fedha mpya, real, kwa thamani ya moja kwa moja. Mfumuko uliokuwa karibu asilimia 47 mwezi Juni ulishuka chini ya asilimia 7 mwezi Julai, na chini ya asilimia 2 mwezi Septemba.

## Mipaka ya marekebisho

Kufunga bei na mishahara kwa kipimo kimoja huondoa mchelewo, lakini hakuongezi bidhaa. Ikiwa chanzo ni ukame, mafuta ya gari yaliyopanda katika soko la dunia au fedha za kigeni kupungua, nchi ina kidogo zaidi cha kugawana, na lazima mtu fulani apungukiwe.

Tena, kila anayepandisha bei kwa kufuata kiwango cha mwezi uliopita hukisogeza kiwango hicho hadi mwezi ujao, hata kama chanzo cha kwanza kimekwisha. Mwuzaji mmoja hawezi kuepuka jambo hilo peke yake, kwa sababu akisimama wakati wengine wanapanda, anapoteza mtaji. Ndiyo maana nchini Brazil haikutosha kuwaambia wauzaji waache kupandisha bei. Ilibidi bei na mishahara vihamie kwenye kipimo kipya pamoja.