Nina Mtu: Namna ya Kumpendekeza Mwenzako kwa Anayemhitaji

Simu iliingia jioni, wakati nafunga hesabu za siku. Aliyepiga ni kaka mmoja tuliyefahamiana kwenye semina ya wauzaji wa dawa, Morogoro. Alikuwa anafungua duka la pili la dawa za jumla, Dodoma, na hawezi kuwa sehemu mbili kwa wakati mmoja. "Dada, huna mtu wa stoo? Nataka mtu wa kumwachia funguo."

Jina lilinijia kabla hajamaliza. Ni mwenzangu tuliyefanya naye kazi stoo moja kwa miaka minne, mimi nikipokea oda, yeye akitunza mzigo. Lakini sikulitaja. Nilimwambia nitamjibu kesho, kisha nikamuuliza jambo moja: katika duka la kwanza, hasara inatokea wapi? Alifikiri kidogo, akasema ni mawili. Leja na rafu havilingani, na hajui mzigo unapotelea wapi.

Swali hilo nilijifunza kuliuliza baada ya kuumbuka. Miaka ya nyuma nilimpendekeza kijana kwa duka moja kwa maneno matatu: mchapakazi, mwaminifu, anajituma. Yote yalikuwa kweli. Ila yule kijana alikuwa muuzaji, mtu wa kaunta na wateja, na wao walimhitaji mtu wa kukaa na makatoni na karatasi. Baada ya miezi miwili waliachana, na kijana akabaki bila kazi mpya wala ile ya zamani. Nilikuwa nimemsifu bila kujua anakwenda kufanya nini.

Usiku ule nilimpigia mwenzangu kwanza. Watu wengi huiruka hatua hii, wakatuma namba ya mtu kama wanavyotuma picha ya harusi. Namba ya simu ni taarifa binafsi, na Tanzania ina sheria ya kulinda taarifa hizo tangu mwaka 2022, lakini hata bila sheria mwenye namba ana haki ya kuulizwa. Huenda hataki kuhama. Huenda yuko kwenye mazungumzo na mwingine. Zaidi ya yote, huenda bosi wake hajui kwamba anatazama pembeni, na simu moja ya kuulizia dukani kwao inatosha kumharibia. Yeye alisema, "Mwambie, ila bosi asisikie kwanza." Sharti hilo nililiandika kwenye ujumbe kama alivyolisema.

Kisha nikakaa kuandika. Rasimu ya kwanza ilisema ni dada mpole, mchapakazi, mwenye heshima. Nilipoisoma nilijiuliza kama ningeandika hivyo kwa mwanamume anayetafutwa kushika funguo. Mwaka 2003 watafiti Frances Trix na Carolyn Psenka walichapisha uchambuzi wa barua zaidi ya 300 za kuwapendekeza madaktari walioajiriwa katika chuo kimoja cha tiba Marekani. Waliona barua za wanawake kwa wastani zilikuwa fupi zaidi, na zilikuwa na maneno mengi zaidi ya kutia shaka. Tena zilipenda kutaja bidii yao. Anayesifiwa kwa bidii peke yake hajaelezwa anaweza nini. Nikafuta upole.

Mahali pake niliweka mambo mawili niliyoyaona kwa macho yangu. La kwanza ni namna anavyohesabu. Kila Ijumaa alasiri huhesabu sehemu ya rafu, na huhesabu kabla ya kufungua leja, kwa sababu anayejua jibu huhesabu kulifuata jibu. Siku moja leja ilisema kuna maboksi 60 ya parasetamo, naye akahesabu 51. Wengine wangesema mwizi. Yeye alirudi kwenye hati za kutolea mzigo, moja baada ya moja, hadi akaipata iliyoandikwa "10" bila kipimo. Kijana wa muda aliyeijaza leja alidhani ni stripi 10, yaani boksi moja, akatoa moja. Kumbe mteja alichukua maboksi 10. Tisa zilizopotea zikawa zimepatikana. Tangu siku ile hapokei hati isiyotaja kama ni boksi, stripi au katoni, hata ikitoka kwa bosi.

La pili ni uaminifu, neno ambalo peke yake halimsaidii msomaji kwa sababu kila anayependekezwa huitwa mwaminifu. Katika dawa za jumla kuna kitu kinaitwa bonasi: ukinunua maboksi kadhaa, msambazaji anaongeza moja au mawili bure, na mara nyingine ya nyongeza hayaonekani kwenye ankara. Mtunza stoo akiyaweka pembeni, hakuna karatasi itakayomsuta. Mwenzangu aliyaingiza kwenye leja kwa mstari wake, na neno "bonasi" kando. Niliyaona kwa miaka yote minne, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nasaini mzigo ukiingia.

Anajua pia kutunza friji ya insulini vizuri kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Hilo nililiacha. Kaka wa Dodoma hakuwa na friji kwenye duka hilo jipya, na sifa isiyomhusu ingefunika zile zinazomhusu.

Udhaifu niliuandika. Kwenye kompyuta anajaza jedwali lililokwisha kutengenezwa, hawezi kulitengeneza mwenyewe. Foleni ya wateja humchanganya, hivyo asiwekwe kaunta. Mipaka hii ni ya kazi, na mwajiri atakutana nayo wiki ya kwanza nikisema nisiseme. Mambo ya nyumbani kwake na afya yake hayakuwa yangu kuyatoa, na mshahara wake wa sasa pia, kwani ukitajwa mapema ndio unaokuwa mwanzo wa kupatana.

Ujumbe uliotoka ulikuwa hivi:

"Kaka, habari za jioni. Kuhusu mtu wa stoo, nina mtu, na yeye mwenyewe amekubali nikuambie. Tulifanya kazi stoo moja miaka minne. Anahesabu kila wiki bila kutazama leja, na hesabu isipolingana anafuatilia hadi aone karatasi iliyokosewa. Nilimwona akipata maboksi 9 kwa njia hiyo. Bonasi zote anaziingiza kwenye leja. Kompyuta ni ya kujaza tu, na kaunta siyo sehemu yake. Sijawahi kumwona akisimamia vijana zaidi ya wawili, hivyo hilo muulize mwenyewe. Bosi wake hajajua, naomba usipige dukani. Ukiwa tayari nitakupa namba yake."

Niliuandika nikijua hatausoma peke yake. Mke wake ndiye mshirika kwenye biashara, na yeye hanijui. Sauti yangu na miaka ya kufahamiana havimfikii, anafikiwa na maneno tu. Ndiyo maana nilitaja muda, mahali nilipokuwa nimesimama nikiyaona, na hata nisichokiona.

Alipojibu aliuliza, "Wewe ungemwachia funguo?" Nilimjibu kwamba nilishamwachia, wiki tatu nilipokuwa likizo ya uzazi ya kwanza, na niliporudi nilikabidhiwa leja pamoja na karatasi ya makosa manne aliyoyafanya yeye mwenyewe. Nikatoa namba, nikawaambia wote wawili kwamba sasa wazungumze wenyewe. Sikuuliza wamefika wapi kwenye mshahara.

Siku ya usaili, kaka alimpeleka kwenye rafu ya antibayotiki, akamkabidhi leja, akamwambia ahesabu. Mwenzangu aliirudisha mezani, imefungwa, akaomba karatasi tupu.