Kusafisha orodha iliyobandikwa

Orodha iliyonakiliwa kutoka ujumbe wa simu na kubandikwa kwenye Excel huja na nafasi tupu zisizoonekana. Mathalani, safu A1 hadi A6 ina Tanga, Pangani, Tanga, Lindi, Pangani, Lindi, na Tanga ya pili ina nafasi moja mwishoni. Kwa kompyuta hayo ni maneno mawili tofauti: LEN hutoa 5 kwa la kwanza na 6 kwa la pili. Ndiyo maana nafasi huondolewa kwanza, marudio baadaye. Fomula hii huandikwa B1 na kuburutwa hadi B6:

```
=TRIM(SUBSTITUTE(A1,CHAR(160)," "))
```

SUBSTITUTE ni muhimu, kwa kuwa TRIM peke yake haigusi nafasi namba 160, ambayo huja mara nyingi na maandishi ya kurasa za mtandao. Kisha C1:

```
=UNIQUE(B1:B6)
```

Hubaki Tanga, Pangani, Lindi, kila jina mahali lilipotokea kwanza. Kupanga kwa alfabeti kwanza kungeupoteza mpangilio huo. UNIQUE haimo katika matoleo ya kabla ya Excel 2021. Huko hutumika Remove Duplicates, ambayo nayo hubakiza mstari wa kwanza.