Tinti, Sensa Mbili na Kioo Kinachokataa Kujitia Giza

Gari lililo nyuma yako likiwasha ful usiku, mwanga wake hugonga kioo cha ndani na kukuingia moja kwa moja machoni. Kwenye magari mengi dawa yake ni kile kijiti kidogo kilicho chini ya kioo: unakivuta, kioo kinainama, na taa zile kali zinabaki nuru hafifu. Magari mengine hayana kijiti hicho. Yana kioo kinachojitia giza chenyewe, na baadhi ya wenye magari hayo hufika kwa fundi umeme na lalamiko moja: tangu gari liwekwe tinti kwenye kioo cha mbele, kile cha ndani kimegoma.

Lalamiko mara nyingi ni la kweli. Maelezo yanayofuata, kwamba tinti ya mbele imeziba sensa na kwa hiyo kioo hakijui kama ni usiku, ndiyo yenye kasoro. Sensa ya mbele ikizibwa, kioo huamini kwamba nje kuna giza, na giza ndilo sharti lake la kwanza la kufanya kazi. Kwa hiyo tinti ya mbele peke yake ingetakiwa kukifanya kioo kijitie giza mapema zaidi, hata jioni kabla jua halijazama. Kikigoma kabisa, lazima kuna jambo jingine.

Kioo chenyewe ni vipande viwili vya kioo vilivyobanwa pamoja, katikati yake kukiwa na jeli nyembamba sana. Nyuso za ndani zimepakwa tabaka linalopitisha umeme bila kuzuia mwanga. Umeme mdogo wa takriban volti 1.2, chini ya ule wa betri moja ya tochi, ukipita kwenye jeli, jeli hubadilika rangi na kunyonya mwanga. Umeme ukikatwa, inarudi kuwa angavu. Kampuni ya Gentex ya mji wa Zeeland, jimbo la Michigan nchini Marekani, ilianza kuuza vioo vya aina hii kwa watengenezaji wa magari mwaka 1987, na mpaka leo vingi duniani vinatoka huko. Mabadiliko hayaji kwa mpigo kama taa inapozimwa. Huchukua sekunde kadhaa, na jeli inaweza kuishia katikati, yaani giza la wastani, kulingana na ukali wa taa za nyuma.

Uamuzi wa kupeleka umeme huo unategemea sensa mbili. Chukua tochi uingie garini uziangalie. Ya kwanza iko mgongoni mwa kioo, upande unaotazama barabara: ni tundu dogo lenye lenzi, ukubwa wa punje ya mtama au zaidi kidogo. Ya pili iko upande wa dereva, kwenye fremu chini au juu ya kioo, na katika baadhi ya vioo imefichwa nyuma ya kioo chenyewe mahali palipoachwa bila rangi ya kuakisi. Ya mbele inapima mwanga wa mazingira. Ya nyuma inapima mwanga unaoingia kupitia kioo cha nyuma cha gari.

Mchana sensa ya mbele ina kauli ya mwisho. Mwanga wa nje ukizidi kiwango fulani, kioo hakijitii giza hata ukikimulikia tochi kali usoni. Usiku ukiingia, kazi inageuka kuwa ulinganisho: je, mwanga wa nyuma umeuzidi wa mbele kiasi cha kumsumbua dereva? Hili lina maana sana. Kioo hakiulizi tu kama taa za nyuma ni kali. Kinauliza kama ni kali kwa jicho ambalo tayari limezoea mwanga ulio mbele yake, kwa sababu taa zilezile ambazo haziudhi katikati ya mji zinaumiza kwenye barabara yenye giza totoro. Usomaji wa sensa ya mbele pia huchukuliwa kwa wastani wa muda kidogo, ili kila taa ya barabarani unayoipita isikifanye kioo kipepese.

Sasa chukua gari la familia lililotoka Japani likiwa limetumika. Sheria ya Japani inataka kioo cha mbele na vile vya milango ya mbele vipitishe angalau asilimia 70 ya mwanga, lakini vya nyuma havibanwi hivyo. Ndiyo maana magari mengi ya familia yanashuka bandarini Dar es Salaam au Mombasa yakiwa na vioo vya nyuma vyeusi tangu kiwandani. Weusi huo umo ndani ya kioo chenyewe, si karatasi. Mwenye gari akiwa na hamu ya tinti kioo cha mbele, mara nyingi fundi humalizia gari zima, na karatasi inabandikwa pia juu ya kioo cha nyuma ambacho tayari kilikuwa cheusi.

Tufanye hesabu kwa namba za mfano. Taa za gari la nyuma zinafikisha mwanga wa vipimo 40 kwenye kioo cha nyuma. Kingekuwa cheupe, kikipitisha asilimia 75, sensa ya nyuma ingepata 30. Cheusi cha kiwandani kikipitisha asilimia 25, inapata 10. Ongeza karatasi inayopitisha asilimia 35, na vinabaki vipimo 3.5 tu, kwa sababu tinti mbili hazijumlishwi, zinazidishana. Mbele, barabara ya mjini yenye taa inatoa vipimo 4, na kioo cha mbele kisicho na karatasi kinaifikishia sensa 3. Tuseme kioo chetu huanza kujitia giza nyuma ikiizidi mbele mara tatu. Kila mtengenezaji ana kiwango chake. Kabla ya karatasi, 10 kwa 3 ilivuka mstari. Baada ya karatasi ya nyuma, 3.5 kwa 3 haikaribii.

Ongeza sasa karatasi ya mbele inayopitisha nusu ya mwanga. Sensa ya mbele inapata 1.5, na uwiano unapanda hadi zaidi kidogo ya mbili. Yaani tinti ya mbele, inayolaumiwa, imesaidia kidogo, ila haijafidia kilichopotea nyuma.

Msaada huo nao hupotea kirahisi. Kioo cha mbele kimelala, na kwa sababu ya mlalo huo sensa ya mbele haioni barabara peke yake. Inaona pia taswira ya sehemu ya juu ya dashibodi ikiakisiwa kwenye kioo, ileile unayoiona ukiweka karatasi nyeupe hapo wakati wa jua. Tinti hupunguza mwanga unaotoka nje, lakini haipunguzi mwanga wa ndani unaogonga uso wake na kurudi, na karatasi zenye chembe za chuma huakisi hata zaidi ya kioo kitupu. Matokeo yake, kadiri tinti ya mbele inavyokuwa nzito, ndivyo sensa inavyosoma zaidi mambo ya ndani ya gari kuliko ya barabarani. Simu iliyosimamishwa kwenye dashibodi ikionyesha ramani, skrini ya kamera ya safari, taa za urembo, au kitambaa cheupe kilichotandikwa juu ya dashibodi na kumulikwa na taa za gari la nyuma, vyote huhesabiwa kama mwanga wa mazingira. Katika mfano wetu, skrini ikiongeza vipimo 1.5 tu, tumerudi kwenye 3 na kioo kinabaki angavu.

Hapo ndipo utaelewa kwa nini dereva mmoja anasema kioo kinafanya kazi akitoka nje ya mji na kinagoma akirudi. Kwenye giza la barabara kuu sensa ya mbele hukaa kwenye kiwango chake cha chini kabisa, na mwanga mdogo wa nyuma unatosha. Mjini hautoshi. Hali hiyo ikijitokeza, kioo ni kizima.

Mtu anaweza kusema: kama tinti ya nyuma imeshakata mwanga, kuna haja gani ya kioo kujitia giza? Kwa kioo cha ndani hoja hiyo ina nguvu. Lakini kwenye magari ambayo vioo vya pembeni navyo hujitia giza, mara nyingi amri yao hutoka kwenye kioo hiki cha ndani. Vile vya pembeni viko nje, havina karatasi yoyote inayovikinga, na taa za nyuma zinavigonga kwa ukali wake wote. Sensa iliyo ndani, nyuma ya tinti mbili, haijui hilo. Dereva anapigwa na mwanga kutoka upande wa mlango wake huku kioo cha ndani kikiwa kimetulia. Kwangu mimi hii ndiyo hasara ya kweli ya tinti nzito ya nyuma.

Kuna pia sababu isiyohusu mwanga kabisa. Ili kubandika karatasi kioo cha mbele, fundi hutumia maji ya sabuni mengi, na mara nyingi hukifungua kioo cha ndani. Plagi inaweza kurudishwa vibaya, kusahaulika au kulowa. Waya mmoja wa plagi hiyo hutoka kwenye taa ya rivasi, kwa sababu kioo hulazimika kuwa angavu unaporudi nyuma. Aliyefunga kamera ya rivasi akiunganisha vibaya na waya huo ukawa na umeme muda wote, kioo kitaamini kwamba gari linarudi nyuma daima na hakitajitia giza kamwe.

Kutofautisha haya kunahitaji tepu nyeusi ya umeme na tochi. Ngoja usiku, weka swichi kama gari linatembea, gia isiwe rivasi, na hakikisha kitufe cha kioo kimewashwa kama kipo. Bandika tepu juu ya sensa ya mbele, kisha mulika ile ya nyuma kwa karibu kwa nusu dakika. Kisipobadilika, tatizo ni umeme au kioo chenyewe: anza na plagi, fyuzi na ule waya wa rivasi. Kikiingia giza, kioo na umeme wake ni vizima, na kinachobaki ni mwanga. Toa tepu, washa kila skrini unayotumia safarini, mulika tena sensa ya nyuma, lakini sasa ukiwa umesogeza tochi mbali hadi mwanga uwe wa wastani. Kikigoma, zima skrini moja baada ya nyingine mpaka umjue mkosaji. Mwisho, mtu asimame nje na kumulika kupitia kioo cha nyuma cha gari. Kama tochi ya ndani iliamsha kioo na ya nje haikiamshi, karatasi ya nyuma ndiyo iliyokata mwanga.

Tiba inafuata jibu. Skrini husogezwa chini au kupunguzwa mwanga usiku, na kitambaa cheupe hubadilishwa kwa cheusi. Karatasi iliyobandikwa juu ya kioo cha nyuma ambacho tayari ni cheusi ibanduliwe, kwani ndiyo iliyokata mwanga uliokuwa bado unaifikia sensa ya nyuma. Kioo kipya cha aina hii ni ghali, na kikifungwa nyuma ya tinti zilezile kitagoma kama cha kwanza, kwa hiyo usikubali kununua kabla fundi hajakufanyia jaribio la tepu na tochi mbele ya macho yako.