Choroko, Ndengu na Dengu: Kichwa na Lebo kwa Wasomaji wa Nchi Tofauti

Punje ndogo za kijani ambazo Mtanzania huziita choroko, Mkenya wa bara huziita ndengu, na Mombasa huitwa pojo. Zao ni lilelile, na upishi wake hautofautiani sana: huchemshwa mpaka zilainike, zikaungwa kwa kitunguu na nyanya, na penye nazi zikatiwa tui. Mtu anayeandika mapishi hayo kwa wasomaji wa pande zote hana budi kuchagua jina moja la kuweka juu, kisha aamue majina mengine yakae wapi. Hapo ndipo inapojulikana nani atayapata mapishi akiyatafuta kwenye simu, na nani atayapita bila kujua kwamba ndiyo aliyokuwa akiyataka.

Kichwa na lebo hufanya kazi mbili tofauti. Kichwa husomwa na mtu: humwambia kilichomo na kumfanya afungue au aache. Lebo, yaani yale maneno mafupi yanayobandikwa kwenye makala, picha au video ili zipangwe na kupatikana, hutumiwa zaidi na mashine. Kwa sababu hiyo kichwa hubeba jina moja au mawili yanayosomeka vizuri, na lebo zinaweza kubeba majina yote ya kitu hichohicho. Tatizo ni kwamba si kila jina linaloonekana kuwa sawa ni la kitu hichohicho kweli.

Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, na tangu 1930 kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ilisimamia tahajia na vitabu vya shule. Shughuli hiyo iliunganisha sarufi na msamiati wa darasani, lakini haikuingia sokoni. Majina ya vyakula yalibaki ya watu wanaovilima, kuvivua na kuviuza. Ndiyo maana kande ya Tanzania, yaani mahindi yaliyopikwa pamoja na maharage, inafahamika Kenya kwa jina la Kikuyu, githeri, na njegere za Tanzania huitwa minji Nairobi. Hata pale neno lilipobaki moja, tahajia inaweza kugawanyika: Tanzania huandika maharage, Kenya maharagwe. Hapa dawa ni rahisi. Kichwa kifuate tahajia ya wasomaji wengi wa chombo husika, na lebo zibebe zote mbili.

Mtego mkubwa uko kwenye neno dengu. Mwandishi Mtanzania akisikia ndengu anaweza kudhani ni dengu iliyoongezwa herufi moja mwanzoni. Lakini dengu za sokoni Tanzania ni punje nyingine kabisa: kubwa zaidi, za rangi ya kahawia au manjano, zenye kijincha mfano wa mdomo wa ndege, na hazilainiki upesi kama choroko. Mapishi ya choroko yakibandikwa lebo ya dengu yatamfikia Mtanzania aliyeloweka dengu zake tangu usiku. Atafuata muda wa kupika wa choroko na kuishia na sufuria ya punje ngumu. Kwa hiyo lebo ya ndengu inafaa kabisa kwenye mapishi hayo, na ya dengu haifai, hata kama mashine ya kutafutia itaipendekeza kwa kuwa inafanana.

Njugu ina hatari ya namna hiyo, na pengine nzito zaidi. Nairobi, muuza njugu barabarani anauza karanga. Tanzania, njugu humfikisha msomaji kwenye njugu mawe, punje za mviringo zinazochemshwa na kuliwa kama maharage. Mchuzi wa karanga ukiitwa mchuzi wa njugu, Mtanzania anaweza kununua kitu kingine, na mtu ambaye mwili wake unakataa karanga anaweza kula bila kujua. Neno karanga linaeleweka nchi zote mbili, kwa hiyo ndilo linalostahili kichwa. Kwenye lebo iandikwe njugu karanga, maneno mawili pamoja, wala njugu isiachwe peke yake.

Kuna pia majina ambayo moja ni pana na lingine ni finyu, na hayo hayabadilishani nafasi. Omena ni jina la Kijaluo la samaki wadogo wa fedha wa Ziwa Viktoria. Wakivuliwa upande wa Tanzania huitwa dagaa wa Mwanza. Lakini dagaa ni jina la kundi: wako dagaa wa Kigoma kutoka Ziwa Tanganyika, ambao ni samaki wengine, na wako dagaa wa baharini. Aina mojawapo ya dagaa wa Tanganyika ilipelekwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na huko Bukavu na Goma watu humwita sambaza. Hivyo mapishi ya omena yanaweza kupewa lebo ya dagaa bila kumdanganya mtu, ila mapishi ya dagaa wa Kigoma hayawezi kuitwa omena. Kichwa kizuri hutaja mahali: Dagaa wa Kigoma wa Kukaanga. Jina la ziwa au mji huondoa utata ambao lebo kumi hazingeuondoa.

Basi mapishi yale ya punje za kijani yaandikweje? Ikiwa wasomaji wengi wako Tanzania, kichwa kiwe Choroko za Nazi, na sentensi ya kwanza ya maelezo iseme kwamba Kenya huitwa ndengu au pojo. Ikiwa wamegawanyika karibu sawa, kichwa kinaweza kubeba mawili: Choroko za Nazi (Ndengu). Jina la tatu likiongezwa, kichwa hugeuka orodha na msomaji huchoka kabla hajafungua. Lebo ziwe choroko, ndengu, pojo, choroko za nazi, ndengu za nazi. Kwenye YouTube kichwa hakiruhusiwi kuzidi herufi 100, na mtandao wenyewe unaeleza kwamba lebo husaidia kidogo tu, zaidi kwa maneno ambayo watu hukosea kuyaandika. Kwa hiyo jina la pili lisifichwe kwenye lebo peke yake. Lionekane kwenye kichwa au mwanzoni mwa maelezo.

Penye hazina ya makala nyingi hali ni tofauti kidogo. Huko lebo hukusanya makala, na nusu zikiwekwa chini ya choroko na nusu chini ya ndengu, kila msomaji huona nusu tu na kudhani ndizo zote. Hapo lichaguliwe jina moja kuu, na jina lingine limwelekeze msomaji kwake, kama kadi za maktaba zilivyokuwa na neno “tazama”.

Kabla ya kuamini lebo, kuna jaribio jepesi: neno liandikwe kwenye kitafutio cha picha pamoja na jina la nchi, “dengu Tanzania” kisha “ndengu Kenya”, na picha zilinganishwe. Punje zikitofautiana, maneno hayo hayawezi kukaa kwenye mapishi mamoja. Jaribio hilo halitoshi kwa neno kama mboga, kwa kuwa Tanzania mboga ni chochote kinacholiwa pamoja na ugali au wali, hata nyama na samaki, ilhali Kenya neno hilo humaanisha hasa majani. Kichwa kisemacho Mboga Tano za Wiki humwahidi kila msomaji kitu tofauti, na hakuna lebo itakayokirekebisha. Kinachofaa ni kukiandika upya: Mboga za Majani Tano ikiwa ni majani matupu, au Vitoweo Vitano ikiwa nyama na samaki ndivyo vilivyomo.