Ndoo, Saa na Mita 60: Hotuba ya Kijana Kuhusu Chemchemi

Katika mikutano mingi ya vijiji vyetu, neno la kijana huja mwishoni kabisa, kwenye "mengineyo", wakati jua limekwisha kuwa kali na kina mama wanafikiria chakula cha mchana. Kiongozi wa kikundi cha vijana husimama, huzungumzia mazingira na mabadiliko ya tabianchi, hupigiwa makofi, watu hutawanyika. Wiki inayofuata jembe linalima palepale juu ya chemchemi.

Tuchukue mfano wa kijiji cha mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, kwenye ukanda wa migomba na kahawa. Chemchemi yao imejengewa kisanduku kidogo cha zege chenye bomba moja. Juu yake kuna shamba la nyanya la mtu mmoja, na kando ya shamba, mstari wa mikaratusi. Kijana wetu anataka mkutano uchukue hatua. Aseme nini?

Kazi yake inaanza kabla ya mkutano. Kwanza amwone mtendaji wa kijiji, ambaye ndiye katibu wa mkutano, ili chemchemi iwe ajenda yenye namba yake. Jambo lililopita kama mchango tu wa mengineyo ni rahisi kukosa azimio kwenye muhtasari, na lisilo na azimio halina wa kulifuatilia. Pili, aende akapime maji.

Kupima hakuhitaji mtaalamu. Weka ndoo ya lita 20 chini ya bomba, hesabu sekunde mpaka ijae, rudia mara tatu, chukua wastani. Pima mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mvua za vuli, na mwaka unaofuata pima mwezi uleule. Ukilinganisha Mei na Oktoba, mzee yeyote atakujibu kwamba kiangazi maji hupungua tangu enzi za babu, na atakuwa sahihi.

Tuseme Oktoba ya mwaka jana ndoo ilijaa kwa sekunde 50. Hizo ni lita 34,560 kwa siku. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lita 25 kwa mtu kwa siku, kwa hiyo chemchemi ingetosha watu wapatao 1,380. Oktoba hii ndoo imechukua sekunde 80: lita 21,600, watu 864. Hesabu hiyo inachukulia kwamba kuna tangi la kukusanya maji ya usiku. Bila tangi, karibu nusu ya maji hupita watu wakiwa wamelala.

Mkutanoni basi anaweza kuanza hivi: "Kijiji hoyee! Mheshimiwa Mwenyekiti, ndugu wajumbe, wazee wetu, kina mama, vijana wenzangu. Mwaka jana mwezi huu ndoo ilijaa kwa sekunde 50. Juzi imejaa kwa 80. Mama aliyeshika saa yuko hapa, muulizeni. Hatujaja kumshitaki mtu, tumekuja kuomba maamuzi."

Sentensi hiyo ya mwisho si adabu tupu. Mwenye shamba la nyanya yumo mkutanoni, pamoja na ndugu zake, na akiona amewekwa kizimbani ajenda itageuka ugomvi wa koo. Mimi ningemshauri kijana amtembelee siku kadhaa kabla, tena akiwa na mzee anayeheshimika.

Kisha aeleze maji yanatoka wapi, maana hapa ndipo wengi hukosea. Tunaona jicho la chemchemi tukadhani chanzo ni pale. Kumbe yale ni maji ya mvua yaliyonyesha huko juu, yakazama ardhini, yakasafiri taratibu ndani ya mwamba na udongo mpaka yalipopata upenyo. Ardhi ya juu ikiwa na miti, majani makavu na nyasi, mvua huzama. Ikilimwa wazi bila makinga maji, mvua hiyohiyo hutelemka na udongo mpaka korongoni, na kiangazi chemchemi haina akiba. Mwaka wa mvua haba nao hupunguza maji, na kijana akubali hilo waziwazi kabla hajaulizwa.

Kuna dalili moja ambayo kila mchota maji anaweza kuithibitisha. Kama maji ya bomba yanakuwa ya tope saa chache baada ya mvua kubwa, basi maji ya juu ya ardhi yanaingia moja kwa moja, na yanakuja na samadi, kinyesi na dawa za nyanya. Tiba yake ni mtaro wa kukinga, uliochimbwa mita kama 8 hadi 10 juu ya jicho na kuelekeza maji ya mvua pembeni, pamoja na uzio wa kuzuia mifugo.

Na kuna jambo la kukatazwa kwa sauti kubwa: kuchimbua jicho kwa sululu "ili maji yaongezeke", au kuliinua bomba juu zaidi ya pale maji yalipotokea kwa asili. Maji yakizuiliwa hutafuta njia nyingine, na kijiji kinaweza kubaki na kisanduku kizuri kisicho na tone.

Kuhusu mita 60, Watanzania wengi wanazijua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 zimezitaja katika kuzuia shughuli za binadamu kwenye vyanzo vya maji. Lakini mita 60 zinalinda jicho, hazitoshi kulinda mlima unaolilisha. Kwa hiyo ombi la kijana liwe la ngazi mbili. Ndani ya mita 60, kilimo kikome baada ya mavuno yaliyopo shambani, na mwenye shamba aruhusiwe kukata majani ya ng'ombe wake hapo. Juu zaidi, kilimo kiendelee, ila kwa makinga maji yaliyopandwa majani ya guatemala.

Mikaratusi isikatwe yote siku moja kwenye mteremko mkali, udongo utaporomoka. Ikatwe kwa awamu huku miti ya asili ikishika, na visiki vishughulikiwe, kwa sababu mkaratusi uliokatwa huchipua tena. Badala yake wapande mikuyu na misesewe, miti iliyozoea kandokando ya maji. Msesewe, ambao magome yake hutiwa kwenye mbege, hauhitaji kupigiwa debe mbele ya wazee wa Kilimanjaro. Kila mche upewe mtu wa kuutunza kiangazi cha kwanza, maana hapo ndipo miche ya kampeni hufa.

Hotuba imalizike kwa hoja ya kupigiwa kura: kwamba mkutano unaiagiza halmashauri ya kijiji iandae sheria ndogo ya kulinda chemchemi, yenye mipaka iliyopimwa, faini, na majina ya wasimamizi. Rasimu hurudi kwa wananchi waijadili, kisha hupelekwa halmashauri ya wilaya. Mipaka ikibishaniwa, bodi ya maji ya bonde, ambayo kwa Kilimanjaro ni ya Bonde la Pangani, ndiyo ya kuandikiwa barua.

Sheria ndogo ya kijiji haina nguvu mpaka halmashauri ya wilaya iiidhinishe. Kijana aliyehutubia aombe nakala ya muhtasari siku hiyohiyo, na aende wilayani kuulizia rasimu imefika wapi.